Picha za Diani na Swali la Nauli

Picha zinaingia kwenye simu Jumapili usiku, moja baada ya nyingine. Maji ya buluu, mchanga mweupe, sahani ya samaki wa kupaka, na mbega mwenye manyoya meupe mabegani ameketi juu ya tawi akimtazama mpiga picha. Wanne waliosafiri wanacheka kwenye kila picha. Rafiki yao aliyebaki Nairobi, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akitafuta mahali pa kumpeleka mama yake apumzike, anaandika: "Hongera dada, mmependeza! Kwani ilikugharimu ngapi?" Jibu linarudi upesi: "Wala si nyingi. Treni ni elfu moja na mia tano tu."

Jibu hilo ni la kweli. Nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 za Kenya tangu tarehe 1 Januari 2024. Lakini anayelitegemea jibu hilo kupanga safari anaweza kujikuta ameshuka kwenye stesheni ya Miritini usiku, akiwa na mama, mabegi matatu na fedha zisizotosha, huku bahari aliyoiona pichani ikiwa bado mbali upande wa pili wa mlango wa Kilindini.

Hakuna aliyedanganya hapo. Tatizo liko kwenye swali. Katika safari nzima ya Diani, nauli ya treni ndiyo sehemu pekee ambayo haihitaji kuulizwa rafiki. Hutangazwa na Shirika la Reli la Kenya, ni moja kwa kila abiria mzima wa daraja hilo, na yeyote mwenye simu anaweza kuiona kwa kubonyeza *639# au kuingia kwenye tovuti ya shirika. Yanayohitaji kuulizwa ni yale ambayo hayajaandikwa popote: mtu akitoka stesheni anafikaje ufukweni, analipa kwa kichwa au kwa gari zima, na siku ya kurudi atoke saa ngapi ili asiachwe na treni.

Treni ya Nairobi haifiki Mombasa mjini. Inaanzia Syokimau, kando kabisa ya jiji la Nairobi, na kuishia Miritini, upande wa bara, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kwa hiyo kila upande una kipande cha safari ambacho tiketi ya treni haikilipii. Anayekaa Nairobi anaweza kufika Syokimau kwa treni ya mjini inayotoka stesheni kuu, kwa matatu, au kwa gari la kukodi. Na anayechagua barabara lazima aikadirie foleni ya Barabara ya Mombasa kabla hajaikadiria nauli. Kipande kinachowashangaza wengi, hata hivyo, ni kile cha upande wa pili.

Diani iko pwani ya kusini, katika kaunti ya Kwale, yapata kilomita 30 kutoka Mombasa. Kutoka Miritini kuna njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni ya zamani na ya bei nafuu. Abiria hupanda matatu kutoka stesheni hadi mjini, hufika kwenye feri ya Likoni, huvuka kwa miguu pamoja na wenyeji wanaokwenda kazini, kisha hupanda matatu nyingine kutoka Likoni hadi Ukunda. Mtu anayevuka kwa miguu halipi chochote. Magari ndiyo yanayolipa. Ukunda ni mji wa barabarani, si ufukwe. Pale mtu hupanda tuktuk au bodaboda kuelekea barabara ya Diani, ambayo inafuatana na bahari kwa kilomita nyingi, na nyumba na hoteli zimepangana kando yake. Ukihesabu, hayo ni magari matatu na feri moja. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni ni njia nzuri na ya kufurahisha. Kwa mama mwenye maumivu ya magoti, ule mteremko wa kuingia kwenye feri na msukumano wa watu jioni ni jambo jingine kabisa.

Njia ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024. Inatoka upande wa Miritini, inapita juu ya maji kwa madaraja marefu, na kuungana na barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga bila kugusa kisiwa cha Mombasa wala feri. Kwa gari la kukodi, abiria anaingia mlangoni pa stesheni na kushuka mlangoni pa nyumba aliyopanga. Ni raha, lakini ina bei yake, na bei hiyo huwa ni ya gari zima. Dereva hajali kama nyuma wameketi watu wanne au mmoja.

Hapo ndipo swali la "ilikugharimu ngapi" linapovunjika. Chukua mfano wa hesabu, kwa bei za kubuni zenye kurahisisha kazi. Tuseme wale marafiki wanne walipanga nyumba ya vyumba viwili kwa shilingi 12,000 kwa usiku, wakalala siku tatu. Hiyo ni 36,000, na kila mmoja akatoa 9,000. Tuseme gari kutoka stesheni lilikuwa 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Kila mmoja akachangia 2,500. Ongeza treni, 3,000 kwenda na kurudi. Jumla ya kila mmoja kabla ya chakula ni 14,500. Akiulizwa, mmoja wao atasema kwa moyo mweupe kwamba alitumia elfu kumi na tano hivi.

Sasa rafiki wa Nairobi aende na mama yake tu, alale nyumba ileile na apande gari lilelile. Nyumba itamgharimu kila mmoja 18,000, gari 5,000, na treni 3,000. Hiyo ni 26,000 kwa mtu mmoja, na kwa kuwa mama halipi, mfuko wake utatoa 52,000. Angekwenda peke yake angelipa 36,000 ya nyumba, 10,000 ya gari na 3,000 ya treni, yaani 49,000. Safari ni ileile, mchanga ni uleule, lakini mmoja amelipa zaidi ya mara tatu ya mwingine. Ndiyo maana takwimu ya jumla ya mtu mwingine haina faida kubwa. Kinachofaa ni vipande vyake: nyumba nzima kwa usiku bei gani, gari zima bei gani, na mlikuwa wangapi. Mwenye vipande hivyo anaweza kuigawa hesabu upya kwa idadi yake mwenyewe, au kubadilisha kipande kimoja. Pengine atachukua chumba kimoja badala ya nyumba, akavuka feri wakati wa kurudi tu, siku ambayo mabegi ni mepesi na mama ameshapumzika.

Chakula nacho hujificha kwenye picha. Ile sahani ya samaki wa kupaka inaweza kuwa ya hoteli ya ufukweni, na inaweza kuwa imepikwa jikoni kwenye nyumba ya kupanga kwa samaki na nazi zilizonunuliwa Ukunda. Pichani zote mbili zinafanana. Kwa mfuko zinatofautiana sana, hasa kwa familia inayokula mara tatu kwa siku. Swali dogo kama "mlikuwa mkijipikia?" linafichua mengi kuliko kuuliza chakula cha huko ni ghali au rahisi.

Halafu kuna suala la tarehe. Mtu aliyepanda treni hiyo Desemba 2023 alilipa shilingi 1,000 kwa daraja la kawaida. Aliyepanda Januari 2024 alilipa 1,500. Wiki chache tu zimepita kati yao, na mmoja akimweleza rafiki leo kutoka kumbukumbu atakuwa amepotea kwa theluthi moja ya nauli. Nauli za matatu hubadilika upesi zaidi: hupanda mafuta yanapopanda, na hupanda tena msimu wa Krismasi na Pasaka, watu wa bara wanapomiminika pwani. Nyumba za kupanga hufanya vivyo hivyo. Bei ya Mei, wakati wa mvua za masika, haiwezi kutumiwa kupanga safari ya mwisho wa Desemba. Na picha zinazoonekana leo si lazima ziwe za wiki hii, kwa sababu wengi hutuma picha za safari iliyopita miezi mingi nyuma. Kwa hiyo kabla ya "ngapi" inafaa lije "lini".

Saa nazo zina gharama. Kwa ratiba iliyozoeleka, treni ya asubuhi huondoka Nairobi saa mbili na kufika mchana; ile ya saa tisa alasiri hufika baada ya saa mbili usiku; na ya saa nne usiku hufika kabla ya mapambazuko. Tiketi za daraja moja hulingana bei, lakini saa ya kufika huamua mengine yote. Anayefika mchana ana nafasi ya kuunganisha matatu, feri na tuktuk bila haraka. Anayefika usiku, akiwa mgeni, kwa kawaida huishia kukodi gari. Anayefika kabla ya mapambazuko ana tatizo jingine: nyumba nyingi hupokea wageni mchana, kwa hiyo ama asubiri na mabegi kwa saa nyingi, ama alipie usiku ambao hakuulala. Rafiki aliyekwisha kwenda anajua vizuri alichofanya katika saa hizo. Ila hatakumbuka kulisema asipoulizwa.

Swali lenye thamani kuliko yote, pengine, ni la siku ya kurudi. "Mlitoka Diani saa ngapi mkaiwahi treni?" Kwenye ramani, Diani na Miritini ziko karibu. Lakini anayerudi kwa njia ya Likoni hawezi kujua foleni ya feri itakuwaje, na stesheni ina ukaguzi wa mizigo na vitambulisho kabla ya kuingia. Abiria hutakiwa afike mapema, na lango hufungwa kabla treni haijaondoka. Mtu wa kawaida aachie walau saa moja pale stesheni peke yake, mbali na muda wa njiani. Msimu wa sikukuu, treni ikijaa kwa siku kadhaa mfululizo, aliyeachwa hana tiketi nyingine ya kesho. Atarudi Nairobi kwa basi, na gharama hiyo haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Picha za baharini zina siri yake pia. Katika picha moja marafiki wale wamesimama juu ya fungu la mchanga mweupe katikati ya maji, kana kwamba bahari imewatandikia mkeka. Fungu kama hilo hutokeza maji yakipwa, na maji yakijaa hufunikwa. Katika pwani ya Kenya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa huzidi mita tatu, na mchanga mwingi hujitokeza. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana. Kwa hiyo mtu anayekodi ngalawa au mashua ya kioo siku yoyote, saa yoyote, anaweza kulipa fedha zilezile na asione fungu lolote. Mwulize rafiki walitoka saa ngapi na tarehe ngapi, kisha nahodha atalinganisha na siku yako. Mwulize pia kama walilipia mashua nzima au kila mtu kivyake, na kama bei ilijumuisha kurudishwa ufukweni na vifaa vya kutazamia samaki. Malumbano mengi ya ufukweni hutokana na mgeni aliyedhani bei ni ya mashua na nahodha aliyekusudia bei ya mtu mmoja.

Anayeuliza naye ana deni: aseme anatoka wapi. Jibu lote lililoelezwa hapo juu ni la mtu wa Nairobi. Msomaji wa Tanga akiona picha zilezile hana haja ya treni wala ya feri. Atapanda basi la kwenda Mombasa, atavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, na barabara hiyohiyo itampitisha Ukunda kabla ya kufika Likoni. Akishuka pale, kilichobaki ni tuktuk. Asipowaambia marafiki zake wa Nairobi kwamba anatokea Tanga, wataanza kumweleza habari za Miritini, na huenda akapitiliza hadi Mombasa kisha akalipa nauli ya kurudi nyuma. Vilevile, kwa asiye raia au mkazi wa Kenya, viingilio vya hifadhi na bei za baadhi ya hoteli huwa tofauti. Bei ya mwenyeji siyo bei yake.

Linabaki jambo la adabu, kwa kuwa fedha ni jambo nyeti. Mtu akiulizwa "ulitumia ngapi" husikia kama mfuko wake unachunguzwa, hasa kama wengine wanasoma. Labda alikopa, labda alilipiwa na mtu, labda hataki nyumbani wajue. Ndipo hukimbilia jibu la "si nyingi". Akiulizwa bei ya kitu, hana la kuficha. Nauli ya tuktuk kutoka Ukunda haimhusu yeye, inahusu tuktuk. Watu hujibu swali la namna hiyo kwa furaha na kwa urefu, kwa sababu linawapa nafasi ya kuonyesha wanachokijua. Jambo la jina la nyumba na namba ya dereva ni vizuri liulizwe faraghani, na safari ikiwa imekwisha, ili watu wasiojulikana wasipate kujua mtu amelala wapi.

Swali la rafiki wa Nairobi lingeweza kuwa hivi: "Hongera dada, mmependeza kweli. Nataka kumpeleka mama Diani mwishoni mwa Februari, tutakuwa wawili, na magoti yanamsumbua. Nyinyi mlikwenda lini? Mliposhuka Miritini mlipita feri au Dongo Kundu, na kama mlikodi gari, lilikuwa bei gani zima? Siku ya kurudi mlitoka saa ngapi?" Ni sentensi chache tu. Zimesema anaenda wapi na lini, wako wangapi na nini kinamzuia. Na zimeuliza vitu ambavyo kila kimoja kina jibu fupi.

Jibu litakalokuja halitakuwa "si ghali". Litakuwa na umbo kama hili: "Tulikwenda Oktoba. Kwenda tulikodi gari tukapitia Dongo Kundu, kurudi tukavuka feri kwa miguu, lakini kwa mama usithubutu feri jioni. Panda treni ya asubuhi mfike mchana. Siku ya kurudi treni yetu ilikuwa ya saa tisa, tukatoka saa nne asubuhi na tukafika bila presha." Ndani ya jibu hilo kuna ushauri ambao hakuuliza moja kwa moja, ule wa feri ya jioni. Umekuja kwa sababu alimtaja mama na magoti yake. Aliyesafiri anajua mambo mengi, ila hajui lipi linamfaa nani mpaka aambiwe.

Hata jibu zuri namna hiyo linahitaji kuthibitishwa sehemu mbili. Nauli na saa za treni zithibitishwe kwa Shirika la Reli lenyewe, na tiketi ikatwe huko huko kwa M-Pesa, jina na namba ya kitambulisho zikiwa sahihi, kwa sababu vitakaguliwa mlangoni. Bei ya gari ipatanwe na dereva kabla ya kupakia mabegi, kwa maneno yasiyo na utata: ni ya gari zima, mpaka mlangoni, kupitia Dongo Kundu. Na nyumba ambayo hakuna rafiki aliyewahi kulala ndani yake isitumiwe malipo ya awali kwa sababu tu picha zake ni nzuri.

Na wewe unayerudi kutoka Diani, Lamu, Kilwa au popote, ukituma picha zako andika pamoja nazo mambo manne: mwezi mliosafiri, mlikuwa wangapi, mlifikaje kutoka stesheni au kituo cha basi, na bei ya gari zima. Kuna mtu anayezitazama akiwa na mzazi wa kumpeleka na fedha za kuhesabu.